Meza ya watu sita: uchambuzi wa kisa cha chakula cha mchana cha maafisa ununuzi

Kisa ninachokichambua kilidumu miezi tisa. Mhusika wake mkuu ni afisa ununuzi wa kampuni ya ukubwa wa kati, mtu niliyefahamiana naye kwa miaka mingi, ambaye hapa nitamwita mwandaaji. Aliniruhusu kusoma daftari lake lote la vikao, na mwenyewe nilikaa mezani pake mara tano. Kwa hiyo sehemu ya ninayoyaeleza niliyaona, na sehemu nyingine nimeyatoa katika maandishi yake.

Shida iliyomsukuma ilikuwa upweke wa kazi. Idara ya fedha ya kampuni yao ilikuwa na watu tisa na idara ya mauzo ilikuwa na wengi zaidi, lakini ununuzi ulikuwa wake peke yake pamoja na msaidizi mmoja. Mtu anayekusanya bei kutoka kwa wazabuni, anayefuatilia mzigo uliochelewa na anayelaumiwa stoo inapokauka, mara nyingi hana mwenzake wa kumuuliza, "Wewe ungefanyaje?" Watu wa nje waliompigia simu kila siku walikuwa wauzaji, na ushauri wa muuzaji siku zote una upande wake. Alijua kwamba katika kampuni nyingine walikuwepo maafisa kama yeye, nao wakiwa peke yao vilevile. Alitaka kuwakutanisha. Alitaka pia, na aliniambia bila kuficha, awe mtu ambaye wenzake humpigia wanapotafuta mtu wa kuwasaidia. Nia hiyo ya pili naiona kuwa halali kabisa, na nitaonyesha kwamba ndiyo iliyomlazimisha kubadili karibu kila kitu alichofanya mwanzoni.

Kikao cha kwanza alikiandaa jinsi wengi wetu tungefanya. Aliandika ujumbe mmoja, akautuma kwa watu ishirini na wawili kwa mpigo, akawaalika kwenye chakula cha mchana "ili tufahamiane na kubadilishana mawazo". Kumi na watano walikubali, na waliokaa mezani walikuwa kumi na mmoja, yeye akiwemo. Mkahawa uliwapa meza ndefu. Baada ya robo saa mazungumzo yalikuwa yamegawanyika mara tatu. Katikati, mkuu wa ununuzi wa kampuni kubwa kuliko zote alizungumza kwa muda mrefu juu ya mfumo mpya walioununua, na waliomzunguka walisikiliza kwa heshima. Upande wa kulia watu wanne walikuwa na mazungumzo mazuri ambayo mwandaaji hakusikia hata neno lake. Mwisho wa kushoto walikaa wawili waliochelewa, wakazungumza wao kwa wao hadi bili ilipokuja. Zaidi ya hayo, mgeni mmoja alikuja na rafiki yake, ambaye ilibainika kuwa ni muuzaji wa vifaa vya ofisi, naye akagawa kadi zake meza nzima.

Wote waliaga kwa furaha, na yeyote aliyekuwepo angesema kwamba kikao kilifana. Lakini jioni ile mwandaaji alifungua daftari ili aandike, mbele ya kila jina, jambo ambalo mtu huyo anahangaika nalo kazini kwa sasa. Aliweza kujaza nafasi tatu tu kati ya kumi. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote katika kazi hii. Huwezi kuunganisha watu ambao hujui wanatafuta nini, na kikao kinachokuacha na majina, vyeo na nambari za simu pekee hakijakupa chochote cha kufanyia kazi kesho yake.

Kosa la kwanza lilikuwa la idadi. Mwaka 1995 mtafiti Robin Dunbar na wenzake walichapisha matokeo ya kuchunguza makundi ya watu wanaozungumza kwa hiari yao, wakaona kwamba mazungumzo mamoja ni nadra kushikilia zaidi ya watu wanne. Akiongezeka wa tano au wa sita, kundi huelekea kupasuka. Sababu yake si adabu mbaya. Kadiri watu wanavyoongezeka ndivyo umbali kati ya vichwa unavyokua, zamu ya kusema inachelewa kukufikia, na jirani yako anakuwa rahisi kuzungumza naye kuliko mtu aliye ng'ambo ya meza. Watu kumi na mmoja kwenye meza ndefu, basi, ni vikao vitatu vinavyogawana kitambaa kimoja.

Mwandaaji alipumzika mwezi mmoja, kisha akaamua kwamba meza itakuwa na watu sita, yeye akiwemo. Nilimuuliza kwa nini asishike wanne. Jibu lake lilikuwa la kiutendaji: mgeni mmoja hukosa karibu kila mara, na meza ya wanne ikipungukiwa mmoja inageuka kuwa mazungumzo ya faragha, ilhali meza ya sita ikibaki na watano haiharibiki. Watu sita bado wanaweza kushika mazungumzo mamoja iwapo meza ni ya duara au fupi, na iwapo yupo anayeyaongoza. Tangu hapo alikuwa akipita mkahawani siku moja kabla ili kuiona meza yenyewe. Mara moja aliomba ibadilishwe kwa sababu ilikuwa chini ya spika ya muziki.

Suala la nani aalikwe lilimchukua muda zaidi, na hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo waandaaji wengi wanapojidanganya. Kishawishi cha kwanza ni kuwaita wale unaowazoea. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti wake juu ya nguvu ya mahusiano mepesi. Kati ya watu aliowahoji ambao walipata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, takriban mmoja tu kati ya sita alikuwa amesaidiwa na mtu aliyekuwa akionana naye mara kwa mara. Waliobaki walisaidiwa na watu waliokutana nao mara mojamoja au kwa nadra sana. Maelezo yake ni rahisi kueleweka: marafiki zako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe, kwa kuwa mnazunguka mahali pamoja. Habari mpya inatoka kwa mtu ambaye siku zake hazifanani na zako.

Kwa kufuata mantiki hiyo, mwandaaji aligawa viti vitano vya wageni hivi: viwili kwa watu waliowahi kuja, ili meza iwe na watu wanaojua utaratibu wake, viwili kwa maafisa ununuzi wageni kabisa, wa sekta tofauti, na kimoja kwa mtu wa pembeni, yaani asiyekuwa mnunuzi ila kazi yake inagusana na ununuzi, kama mkaguzi wa ndani, msimamizi wa stoo au mhasibu anayelipa ankara. Kiti hiki cha pembeni ndicho kilichozaa mazungumzo bora kuliko vyote. Mhasibu mmoja aliwaeleza wanunuzi wanne kwa nini ankara zao hurudishwa: jina la bidhaa kwenye hati ya ununuzi halilingani na lililo kwenye hati ya kupokelea mzigo. Wote wanne walikuwa wameamini kwamba idara ya fedha inawasumbua kwa makusudi.

Mialiko ikawa ya mtu mmojammoja. Nanukuu mmoja kutoka katika simu yake, kwa ruhusa:

"Habari za leo, dada. Jumatano ya tarehe 12 tutakula chakula cha mchana watu sita, kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane kasoro robo, na tutamaliza kwa wakati. Watakuwepo wanunuzi wengine watatu na mkaguzi mmoja wa ndani. Nimekufikiria kwa sababu mara ya mwisho ulinieleza habari ya wasambazaji wanaochelewesha mzigo, na mmoja wa watakaokuja amepitia jambo hilo. Kila mtu atajilipia. Naomba unijibu kufikia Ijumaa, ili nikishindwa kukupata nimpe mwenzetu mwingine nafasi."

Kila sentensi ya ujumbe huo ina kazi yake. Saa ya kumaliza inampa mtu mwenye bosi ujasiri wa kuomba ruhusa. Sababu ya kumfikiria yeye inamwonyesha kwamba hakuokotwa kwenye orodha. Siku ya mwisho ya kujibu inamzuia kukubali kwa adabu tu huku moyoni akijua kwamba hatafika. Siku moja kabla ya kikao mwandaaji alituma ujumbe mwingine mfupi: "Tunaonana kesho. Ukipata dharura niambie leo, wala usione vibaya." Maneno hayo ya mwisho yalionekana kwangu kama mlango wa kutorokea, na nilimshauri ayaondoe. Nilikosea. Waliokuwa hawaji walianza kusema mapema badala ya kunyamaza, naye akapata nafasi ya kumwita aliyekuwa akisubiri.

Mezani kulikuwa na swali moja tu, ambalo kila mgeni alikuwa amelipata kabla: "Ni jambo gani la kazini lililokukwama mwezi huu?" Kila mtu alipewa kama dakika tano, na mwandaaji alisema wa mwisho. Cheo hakikutajwa wakati wa utambulisho; mtu alitaja jina lake na anachonunua. Utaratibu huo ulimtuliza hata yule mkuu wa kampuni kubwa aliyerudi katika kikao cha nne, kwa kuwa naye alilazimika kuleta tatizo badala ya mafanikio.

Nitaeleza tukio moja la kikao cha tatu kama nilivyoliona. Mama mmoja anayenunulia kiwanda kidogo alisema kwamba msambazaji wake wa vipuri amechelewa mara tatu mfululizo, na kila akimpigia anapewa ahadi. Watu wawili walimshauri abadilishe msambazaji. Akajibu kwamba hakuna mwingine mwenye vipuri hivyo. Kijana mmoja aliyekuwa kimya hadi hapo akamuuliza, "Mnamlipa lini, mama?" Akajibu kwamba wanalipa nusu ya fedha anapokubali oda na nusu mzigo unapofika. Kijana akasema wao walikuwa hivyohivyo, wakagundua kwamba nusu ile ya mwanzo inatosha kumgharimia msambazaji shughuli zake nyingine, kwa hiyo hana haraka nao. Waliigawa upya: asilimia 20 oda inapokubaliwa, asilimia 30 mzigo unapokaguliwa ghalani kwa msambazaji kabla haujasafirishwa, na asilimia 50 unapopokelewa. Meza ilikaa kimya kidogo. Mama akageuza karatasi ya bili, akaandika zile namba tatu nyuma yake, akaikunja na kuiweka kwenye pochi. Usiku ule mwandaaji aliandika majina ya hao wawili kwenye mstari mmoja na kuyaunganisha kwa wino.

Kazi hii ina mipaka yake, na kwa wanunuzi mpaka mkubwa ni bei. Katika kikao cha nne mgeni mmoja alitoa simu na kuanza kusoma bei anazopewa na msambazaji ambaye watatu kati ya waliokuwepo walimtumia. Mwandaaji alimgusa mkono na kumwomba aache. Baadhi yao walikuwa wa kampuni zinazoshindana, na sheria za ushindani za nchi nyingi huhesabu mashauriano ya bei baina ya washindani kuwa kosa, hata yakifanyika juu ya sahani bila kumbukumbu yoyote kuandikwa. Mikataba mingi ya ugavi pia ina kifungu cha usiri. Kuanzia hapo kila kikao kilianza kwa sentensi moja: tunazungumza juu ya taratibu, makosa na namna ya kuyarekebisha, ila hatutaji bei tunazolipa wala zabuni ambazo bado ziko wazi. Jambo la pili linafanana na hilo. Msambazaji mmoja alisikia habari za meza ile akajitolea kuilipia kwa mwaka mzima. Mwandaaji alikataa siku hiyohiyo. Mnunuzi aliyekula kwa fedha za muuzaji anarudi ofisini na swali ambalo hawezi kulijibu vizuri mbele ya mkaguzi, na mwenyeji aliyewaweka wageni wake katika hali hiyo hawezi kuaminiwa tena. Bili zilitenganishwa hadi mwisho, hata siku ambazo mtu alisisitiza kuwalipia wenzake.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo wageni hawakuiona. Daftari la mwandaaji lilikuwa na safu tatu: anachotafuta, anachoweza kumsaidia mwingine, na nilichomwahidi. Alilijaza usiku wa siku ileile, kwa sababu aliwahi kungoja hadi mwisho wa wiki akakuta amesahau nani alisema nini. Kisha alikaa na kutafuta, miongoni mwa watu wote aliowahi kuwapokea, nani anaweza kukutana na nani. Mara nyingi jibu halikuwa kwa waliokaa pamoja. Mtu wa kikao cha pili alikuwa na dawa ya mtu wa kikao cha tano, na hakuna mwingine aliyeweza kuliona hilo isipokuwa aliyewasikia wote wawili. Faida ya kuwa mwenyeji wa mfululizo wa vikao, badala ya kikao kimoja kikubwa, ipo hapo.

Namna ya kutambulisha aliijifunza kwa gharama. Baada ya kikao cha tatu alimpa kijana anayetafuta kazi nambari ya mgeni wake mmoja bila kumuuliza mwenye nambari. Kijana akapiga simu mara nne kwa siku moja. Mgeni hakulalamika, aliacha tu kujibu mialiko. Mwandaaji alielewa baada ya wiki kadhaa, akampigia, akakiri kosa bila kulizungushia maneno, na yule mgeni alirudi katika kikao cha sita. Baada ya hapo hakumtambulisha mtu kabla ya kuuliza pande zote mbili, kila mmoja peke yake. Alimwuliza kwanza yule anayeombwa msaada, kwa kuwa ndiye anayebeba mzigo, na alimpa njia nyepesi ya kukataa. Wote wakikubali, aliandika ujumbe mmoja kwa wote wawili:

"Bwana, huyu ni dada niliyekueleza, anaandaa kwa mara ya kwanza utaratibu wa kuhesabu stoo kila robo mwaka. Dada, bwana huyu ameufanya kwa miaka mitatu na amekubali kukupa nusu saa ya simu wiki ijayo. Dada, nakuomba wewe upendekeze siku. Mimi najiondoa hapa."

Sentensi ya mwisho ilikuwa ya kweli, naye hakuendelea kuingilia. Baada ya wiki mbili alimwuliza aliyesaidiwa mazungumzo yalikwendaje, kisha akampelekea aliyesaidia habari hiyo. Naamini hatua hii ndogo ndiyo iliyowafanya watu wakubali ombi lake la pili na la tatu. Mtu anayetoa nusu saa yake na asisikie tena jambo hilo liliishia wapi hana sababu ya kuitoa tena.

Kufikia kikao cha tano maombi yalianza kumiminika. Kila mgeni alikuwa na rafiki anayetaka kuja. Nilimkumbusha habari ya Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, aliyeanzisha kilabu cha mazungumzo mjini Philadelphia mwaka 1727. Wanachama wake walipotaka kuwaingiza marafiki na kuvuka idadi ya kumi na wawili waliyojiwekea, yeye alipinga, akapendekeza kila mwanachama aunde kilabu chake pembeni. Si wote walioweza. Viliundwa vitano au sita tu. Mwandaaji alichukua njia hiyo. Alimwomba yule kijana aliyeeleza malipo ya awamu tatu aanzishe meza ya pili, akakaa naye katika kikao chake cha kwanza bila kuongoza, kisha akamwachia. Mgeni mwingine aliyeombwa vilevile alijaribu mara moja akashindwa, kwani alirudia ujumbe wa mpigo na meza ndefu.

Gharama ya haya yote ilikuwa kama saa sita kwa mwezi, na kati ya hizo mezani ilikuwa moja na robo tu. Anayepanga kuanza ajiulize kama anazo saa hizo nyingine, kwa sababu zikikosekana kinachobaki ni chakula.

Katika mwezi wa nane mwandaaji alipata habari kwa bahati kwamba wageni wake watatu walikuwa wamekutana mara mbili bila yeye, ili kusaidiana kuandika mwongozo wa kukagua wasambazaji. Alikiri kwangu kwamba alihisi kuachwa nje kwa siku nzima. Kisha akafungua daftari, akaona kwamba ni yeye aliyewakutanisha wawili kati yao, na akaandika kando ya majina yao: "Wanaendelea wenyewe." Anayetaka kila uzi upitie mkononi mwake angeliona jambo hilo kama hasara. Kwangu ulikuwa ushahidi wa kwanza usio na shaka kwamba meza ile ilikuwa imefanya kazi, na katika wiki zilizofuata watu hao watatu ndio waliompigia zaidi kuliko wengine wote, wakimtafutia wageni na kumwuliza nani anaweza kuwasaidia.

Kasoro moja haijatatuliwa. Chakula cha mchana kinawapendelea wenye uhuru wa kutoka ofisini, na maafisa wa chini, ambao ndio walio wapweke zaidi, hukosa ruhusa. Safu ya waliokataa mwaliko katika daftari ina majina saba ya namna hiyo, mengine yakiwa yameandikwa mara tatu. Kikao cha mwezi ujao kimepangwa kuanza saa moja asubuhi, kabla ya kazi, na wanne kati ya hao saba wamekwisha kujibu kwamba watafika.